Mkuu anasema nisipunguze hata neno, mwenzangu anauliza kama tumeachana

Mwalimu, shikamoo.

Nafanya kazi katika kampuni ndogo ya kufungasha bidhaa. Mkuu wangu hajui Kiswahili, kwa hiyo ujumbe wote wa kwenda kwa mshirika wetu anayetuletea maboksi unapitia kwangu: yeye ananipa kwa Kiingereza, mimi nageuza. Tumefanya kazi na mshirika huyu miaka 4 bila ugomvi. Mwezi huu mzigo ulichelewa, ukaja pungufu, na tukakaa siku 3 bila kufungasha chochote. Mkuu akaandika, nikatafsiri. Mwenzangu wa meza ya pili alipousoma akaniuliza, "Kwani mmeachana?" Bado sijautuma. Mkuu anashikilia kwamba alichoandika hakina ukali wowote, na nisipunguze hata neno. Huu hapa:

"Habari. Hukutuma mzigo tarehe 4 kama mlivyokubali. Umefika tarehe 13 na maboksi 60 kati ya 500 hayapo. Hii haikubaliki. Kwa nini hukutuambia mapema? Unahitaji kutuma maboksi yaliyobaki kabla ya Ijumaa tarehe 20. Usipofanya hivyo tutalazimika kutafuta msambazaji mwingine. Naogopa hatuwezi kulipa ankara mpaka utakapomaliza. Tafadhali thibitisha mara moja."

Nifanyeje nisimkosee mshirika, na mkuu naye asione nimemgeuka?

Mfasiri wa kulazimishwa

*

Marahaba, ndugu yangu.

Mkuu wako anasema kweli, na mwenzako wa meza ya pili naye anasema kweli. Kwa Kiingereza cha ofisini ujumbe huo ni wa kawaida: mkavu kidogo, lakini mtu anausoma, anajibu, maisha yanaendelea. Ukali umeingia njiani, ulipokuwa unavusha neno mojamoja. Kwa hiyo huna haja ya kupunguza jambo lolote la mkuu. Chukua karatasi uandike anachotaka mshirika akijue: mzigo ulichelewa siku 9, ulipungua maboksi 60, yaliyobaki yanatakiwa kufikia Ijumaa, yasipofika kuna hatua itachukuliwa, na ankara inasubiri mzigo ukamilike. Halafu kuna mambo mawili madogo, sababu ya kuchelewa na jibu la haraka. Hayo ndiyo mali ya mkuu, na hata moja halitapotea. Maneno ya kuyabebea ni yako.

Tuanze na pale panapouma zaidi, kile kisilabi "hu" cha "hukutuma". Kitenzi cha Kiswahili kinambeba mtendaji mgongoni. Ukisema "hukutuma", kidole kimeshamfikia mtu kabla hata mzigo haujatajwa, na ujumbe wako unarudia kidole hicho mara 5: hukutuma, hukutuambia, unahitaji, usipofanya, utakapomaliza. Zihesabu mwenyewe. Msomaji hazihesabu, ila anazihisi, na akifika mwisho anajiona yuko kizimbani. Dawa ni kumpa mzigo kazi ya kuwa kiima. "Mzigo ulipokelewa tarehe 13." Tarehe ni ileile, kuchelewa ni kulekule, na hakuna aliyenyooshewa kidole. Kila anayesoma anajua nani alipaswa kuuleta. Huna haja ya kumkumbusha.

Umeandika pia "kama mlivyokubali". Sikiliza jinsi neno hilo linavyolia: mtu hukubali kosa, hukubali masharti aliyopewa na mwingine. Ukiongeza "-ana" ukasema "kama tulivyokubaliana", pande zote mbili zimeketi meza moja na tarehe 4 imekuwa ya kwenu nyote. Kwa maoni yangu hakuna badiliko dogo kuliko hili katika ujumbe wote, na hakuna linalofanya kazi kubwa kuliko hili. Tena umeruka kutoka "hu" kwenda "m" kisha ukarudi kwenye "u". Chagua moja. Kwa lawama ya kikazi, chukua wingi: "mnaombwa", "jibu lenu". Wingi unazungumza na kampuni nzima, na lawama ikigawanywa kwa watu wengi haimwelemei yule mmoja mwenye simu mkononi.

"Maboksi 60 hayapo" nako kuna kasoro. Hayapo ni neno la kitu kilichotoweka, na kitu kikitoweka watu huuliza nani amekichukua. Wewe huwezi kujua kama yalisahaulika yakipakiwa, yalishushwa mahali pengine, au nyinyi wenyewe mlikosea kuhesabu. Sema ulichokiona: "Tulipohesabu tulipata maboksi 440 kati ya 500." Sentensi hiyo inamwachia mwenzio nafasi ya kwenda kuangalia karatasi zake za kupakia bila kujitetea kwanza. Ila kabla ya kuituma, hesabu tena. Hakuna kinachomfedhehesha mwandishi kama kuandika kwa adabu kuhusu maboksi 60 ambayo yako nyuma ya mlango wake.

Sasa "Hii haikubaliki". Kwanza "hii" gani? Kiingereza kinaruhusu kiashiria kisimame peke yake. Kiswahili kinauliza jina lake liko wapi, hali hii, tabia hii, kazi hii. Msomaji akilikosa hujaza mwenyewe, na mtu aliyekwisha kuudhika hujaza neno baya kuliko ulilokusudia. Pili, "haikubaliki" ni hukumu. Mshirika akishahukumiwa ana njia mbili tu, kuinamisha kichwa au kukata rufaa, na zote hazileti maboksi. Weka mahali pake kile kilichowapata: kazi ya kufungasha ilisimama siku 3. Mkuu hakuliandika hilo, kwa hiyo mwombe ruhusa. Nadhani atafurahi, maana siku 3 za mikono mitupu zina uzito kuliko kivumishi chochote, na hakuna anayeweza kubishana nazo. Akisisitiza kwamba kutoridhika kwake kuonekane, andika "jambo hili limetutatiza sana". Hilo linatosha.

"Kwa nini hukutuambia mapema?" ni swali ambalo jibu lake ni kuungama. Mtu mzima akiulizwa hivyo hunyamaza. Muulize mkuu anataka nini hasa hapo: anataka kujua sababu, au anataka safari nyingine aambiwe mapema? Kama ni sababu, andika "tungependa kufahamu kilichochelewesha mzigo". Kile kiambishi "ki" ni msaada mkubwa, kwa sababu kinafanya mkosaji awe kitu, labda gari, labda mashine, labda njia. Na kama ni kuarifiwa, sema kuhusu kesho, usiseme kuhusu jana: "ratiba ikibadilika, tunaomba tuarifiwe mapema."

"Unahitaji kutuma" ni tafsiri iliyopotea kabisa, ingawa siku hizi naiona kila mahali. Kuhitaji ni kuwa na upungufu. Mgonjwa anahitaji dawa. Mshirika wako hana uhitaji wowote wa kutuma maboksi. Nyinyi ndio mnayahitaji. Kwa hiyo mwenye uhitaji ndiye aombe: "tunaomba maboksi 60 yaliyosalia yatufikie." Usiogope kwamba kuomba ni kujishusha. Katika barua za kazi "tunaomba" ni njia ya kawaida ya kudai, na kila mfanyabiashara anajua kwamba ombi lenye tarehe ni dai.

Na tarehe yenyewe, ndugu yangu, hapo umekosea jambo lisilohusu adabu hata kidogo. Naamini mkuu aliandika kwa Kiingereza neno ambalo linaihesabu Ijumaa yenyewe ndani, yaani mzigo ukifika Ijumaa mchana yeye ameridhika. Wewe umeandika "kabla ya Ijumaa". Kwa Kiswahili hiyo ni Alhamisi. Mshirika akileta Ijumaa asubuhi, kwa maandishi yako amechelewa mara ya pili, na ugomvi mwingine umezaliwa bila mzazi. Andika "ifikapo Ijumaa tarehe 20", na ukiweza kukubaliana na mkuu, weka saa. Tena umesema "kutuma", na aliyepakia gari Ijumaa jioni ameshatuma. Nyinyi mnataka yawe yamefika. Sema kufika.

Kuna neno moja ambalo lazima urudi nalo kwa mkuu kabla hujaligusa, nalo ni hilo la msambazaji mwingine. Lina maana mbili. Huenda anasema: msipoleta hayo 60, tutayanunua kwingine kuziba pengo. Huenda anasema: msipoleta, ubia wetu umeishia hapo. Kiingereza chake kinaweza kuvumilia utata huo. Kiswahili chako hakivumilii, kwa sababu "tutalazimika kutafuta msambazaji mwingine" mtu hulisoma kama talaka; ndiyo maana mwenzako aliuliza vile. Kama ni maana ya kwanza, andika "itatubidi tuyapate kwingine ili kazi isisimame tena". Neno "tuyapate" linashika maboksi hayo 60 tu. Kama ni ya pili, basi usiitie ndani ya ujumbe wa kukumbushana mzigo. Habari ya kuvunja ushirikiano wa miaka 4 ina barua yake, na mwenye kuitia sahihi ni mkuu.

"Naogopa" imenichekesha, nisamehe. Mkuu haogopi kitu. Kwa Kiingereza hilo ni neno la kupoza habari mbaya, kwetu ni hofu ya kweli, ya nyoka au ya radi. Neno letu la kazi hiyo ni "tunasikitika", lakini hapa hata hilo sitalitumia, kwa sababu sentensi yenyewe inaweza kugeuzwa ikae upande wa heri. "Hatuwezi kulipa mpaka utakapomaliza" na "malipo yatafanyika baada ya mzigo kukamilika" ni sharti lilelile. Moja inafunga mlango, nyingine inaonyesha ufunguo ulipo. Angalia lakini nilivyoandika "baada ya". Nimewahi kuona mfasiri mwenye moyo mwema akiandika "mara tu", na siku mzigo ulipofika jioni, asubuhi yake mshirika alikuwa akidai pesa zake kwa maandishi. Upole usiahidi kitu ambacho mkuu hakuahidi. Na kwa kuwa suala hili ni la fedha, fungua mkataba uone kama unaruhusu kuzuia ankara nzima au sehemu ya yale 60 tu. Kama unaruhusu sehemu tu, hakuna lugha itakayoiokoa sentensi hiyo, mwambie mkuu mapema.

Mwisho kabisa umeweka "Tafadhali thibitisha mara moja" ukitumaini tafadhali itaosha yote. Tafadhali ikifuatwa na kitenzi cha amri na "mara moja" inakuwa sauti ya msimamizi aliyechoka. Taja siku badala ya haraka: "tutashukuru kupata jibu lenu kufikia kesho Jumanne jioni." Ni haraka ileile, ila ina mwisho unaojulikana.

Nikiuandika upya wote, ukichukulia kwamba unautuma leo Jumatatu na kwamba mkuu alimaanisha ile maana ya kwanza, utakuwa hivi:

"Ndugu, habari za kazi? Ninaandika kuhusu mzigo wa maboksi 500 tuliokubaliana ufike tarehe 4. Mzigo ulipokelewa tarehe 13, na tulipohesabu tulipata maboksi 440. Kwa sababu hiyo kazi ya kufungasha ilisimama siku 3.

Tunaomba maboksi 60 yaliyosalia yawe yamefika kwetu ifikapo Ijumaa tarehe 20, saa 10 jioni. Yasipofika kwa muda huo, itatubidi tuyapate kwingine ili kazi isisimame tena. Malipo ya ankara yatafanyika baada ya mzigo kukamilika.

Tungependa pia kufahamu kilichochelewesha mzigo huu, na siku nyingine ratiba ikibadilika tunaomba tuarifiwe mapema, nasi tujipange.

Tutashukuru kupata jibu lenu kufikia kesho Jumanne jioni."

Umeona salamu ni moja tu. Ujumbe wa lawama haubebi salamu ndefu. Ukimuuliza mtu hali yake, ya familia na ya kazi kwa mistari mitatu kisha ukamdai, ataona salamu zote zilikuwa chambo. Nimeacha pia sifa za mwanzo, zile za "tunathamini sana ushirikiano wetu wa miaka 4, lakini". Msomaji wa Kiswahili akiona sifa zimetangulia katika barua ya kazi huanza kuitafuta "lakini" kwa macho. Sifa ziache kwenye ujumbe wa siku maboksi yatakapofika.

Sasa nikuonye upande wa pili, maana wengi wakishaelewa haya huvuka mpaka. Hii ni sentensi ambayo mfasiri mwingine angeweza kuiandika akijiona ana adabu: "Samahani sana kwa usumbufu, kama mtapata nafasi, mngeweza labda kututumia yale maboksi machache yaliyobaki wiki hii?" Ni tamu, na mshirika hataleta kitu. "Kama mtapata nafasi" imefuta Ijumaa. "Labda" imefuta dai. "Machache" imewapunguzia 60 yenu. Na "samahani" imewafanya nyinyi kuwa wakosaji katika maandishi ambayo siku moja yanaweza kusomwa na mtu wa tatu. Kanuni ninayoitumia ni hii: legeza pale anapotajwa mtu, usilegeze pale inapotajwa hesabu, tarehe au sharti. Ndiyo maana "tungependa" nimeiweka kwenye sababu ya kuchelewa, ambako akikataa kusema hatupotezi kitu, na kwenye Ijumaa nimeweka "tunaomba", isiyo na "nge" ndani yake.

Namna ya kupima ni rahisi. Mpe ujumbe mtu asiyejua habari hii, si yule wa meza ya pili ambaye ameshaona wa kwanza. Ausome mara moja, umpokonye, umuulize: wanataka nini, lini, na isipotimia itakuwaje? Akijibu yote matatu sawasawa, ujumbe haujalegea. Kisha muulize aliyeandika amekasirika kiasi gani. Akisema "amekasirika lakini wataelewana", tuma. Akisema "hajakasirika", rudi kwenye zile siku 3 uzisogeze juu.

Kwa mkuu, usimpelekee maelezo ya sarufi, atakuona unatafuta visingizio. Ugeuze ujumbe huu mpya uurudishe kwenye Kiingereza, uuweke kando ya wake, na umwombe aweke alama kwenye kila jambo lake analolikuta. Atakuta mambo yote ya ile karatasi. Atakosa ile sentensi ya kutokubalika, na hapo ndipo umwonyeshe siku 3 na umuulize anachagua ipi.

Jambo moja la nje ya maandishi. Kama wewe na mshirika mmezoeana kwa simu, mpigie kabla ya kutuma. Dakika mbili tu, kumwambia kuna ujumbe unakuja kuhusu mzigo na kwamba umeandikwa ili uwe kwenye kumbukumbu. Ujumbe ukimkuta ameshasikia sauti yako, hausomi kwa sauti ya hasira aliyoitunga mwenyewe. Na akijibu kwa neno moja, "Nimekuelewa", bila tarehe, usilichukulie kuwa ndiyo. Mara nyingi hilo ni jibu la mtu aliyeudhika. Subiri kidogo, umpigie tena, umuulize gari litaondoka siku gani.